Taarifa: akaunti yetu imebadilika, pigeni simu kabla ya kulipa

Wateja wetu wa saruji na nondo,

Kuanzia 1 Oktoba 2025 tunapokea malipo NMB, akaunti inayoishia 4172. Ya CRDB, inayoishia 0836, itafungwa 31 Oktoba.

Msilipe kwa kuiamini barua hii pekee. Pigeni namba ya ofisi iliyo kwenye mkataba wenu. Hapa hatujaweka namba yoyote ya simu kwa makusudi: tapeli anayeghushi barua huweka ya kwake, nanyi mkipiga atajithibitisha mwenyewe. Mhasibu atawasomea namba kamili ya akaunti. Jina la akaunti lazima lifanane na la kwenye mkataba.

Mkishatuma kwingine kimakosa, iarifuni benki yenu saa hiyohiyo, kabla fedha hazijatolewa, kisha polisi.

Idara ya Uhasibu, Kariakoo