Waraka wa ratiba ya zamu za mwisho wa wiki na sikukuu: 3 Oktoba 2026 hadi 17 Januari 2027

Tanga, Jumatatu, 7 Septemba 2026

Kwa Bi. Mwanaidi, Bw. Bakari, Bi. Neema, Bw. Yohana na Bi. Zuhura.

Waraka huu unaweka ratiba mpya ya zamu za Jumamosi, Jumapili na sikukuu za kitaifa katika duka letu la vyakula hapa Ngamiani. Unafuata kikao chetu cha wiki iliyopita, ambapo Bi. Zuhura aliomba tufungue daftari la mahudhurio na kuhesabu. Tulihesabu pamoja: tangu Januari hadi mwisho wa Agosti yeye ameitwa kazini katika siku yake ya mapumziko mara 11, wakati Bi. Mwanaidi ameitwa mara 2. Kosa hilo ni langu. Bi. Zuhura anakaa barabara ya pili kutoka dukani, na kila mara mtu alipokosekana nilimpigia yeye kwanza kwa sababu angefika ndani ya dakika kumi. Mwenye nyumba ya karibu hapaswi kulipia ukaribu huo kwa mapumziko yake, na malipo ya mara zote 11 nitayakamilisha pamoja na mshahara wa Septemba.

Mahitaji ya duka ni haya. Jumamosi tunahitaji watu watatu, kwa kuwa ndiyo siku ambayo wateja wa Pongwe na Muheza hushuka mjini kununua mchele, unga na mafuta ya wiki nzima. Wawili wataingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 11 jioni, na wa tatu ataingia saa 3 na kufunga saa 12 jioni. Kila mmoja atakuwa na saa moja ya mapumziko, hivyo atafanya kazi saa 8. Jumapili tutafungua saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana kwa watu wawili, yaani saa 5 za kazi. Siku za sikukuu zitakuwa na saa hizo hizo za Jumapili, isipokuwa 25 Desemba na 1 Januari, ambazo zote mbili ni Ijumaa: siku hizo tutafungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 6 mchana ili anayekwenda msikitini awahi bila kukimbia.

Ingekuwa rahisi kugawa kila kitu kwa tano na kumaliza. Nilijaribu hivyo mwaka jana na ratiba ilivunjika kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu Bw. Yohana ni Msabato na hafanyi kazi kuanzia machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi. Ratiba inayompangia Jumamosi ni karatasi tu. Siku ikifika, mtu mwingine huitwa kuziba pengo, na mtu huyo tumeshamjua alikuwa nani. Kwa hiyo safari hii Jumamosi zinagawanywa kwa watu wanne, naye Bw. Yohana anabeba sehemu kubwa ya Jumapili.

Mzunguko ni wa wiki nne, nao utarudiwa mara nne katika kipindi hiki chenye wiki 16.

| Jumamosi zinazohusika | Kazini Jumamosi | Kazini Jumapili inayofuata | Mapumziko siku zote mbili |
|---|---|---|---|
| 3 Okt, 31 Okt, 28 Nov, 26 Des | Bakari, Neema, Zuhura | Bakari, Yohana | Mwanaidi |
| 10 Okt, 7 Nov, 5 Des, 2 Jan | Mwanaidi, Neema, Zuhura | Neema, Yohana | Bakari |
| 17 Okt, 14 Nov, 12 Des, 9 Jan | Mwanaidi, Bakari, Zuhura | Zuhura, Yohana | Neema |
| 24 Okt, 21 Nov, 19 Des, 16 Jan | Mwanaidi, Bakari, Neema | Mwanaidi na mimi | Zuhura, Yohana |

Kila mmoja wa wale wanne, katika kila wiki nne, atafanya Jumamosi tatu na Jumapili moja, na atapata mwisho wa wiki mmoja mzima bila kazi. Mwisho huo wa wiki nimeuweka makusudi mara tu baada ya ule ambao mtu amefanya kazi siku zote mbili. Anayefanya siku zote mbili atapumzika Alhamisi iliyotangulia na Jumatatu inayofuata, ili asivuke siku sita mfululizo. Wanaofanya Jumamosi pekee watapumzika Jumapili, na mapumziko ya Bw. Yohana ni Jumamosi. Bi. Neema ameniambia kwamba Jumapili zake za zamu atasali misa ya kwanza. Endapo parokia itabadilisha saa za misa, anieleze nasi tutapanga upya.

Swali lililoulizwa kikaoni, tena kwa sauti ya juu, ni kama Bw. Yohana hapendelewi. Tuhesabu. Katika wiki nne, wenzake wanafanya saa 29 za mwisho wa wiki (Jumamosi tatu za saa 8 na Jumapili moja ya saa 5), naye anafanya saa 15. Tofauti ni saa 14, na si haki kuiacha ikining'inia. Lakini kumnyima hata mwisho mmoja wa wiki ulio huru ili kuipunguza kungemfanya asipate kamwe kusafiri kwenda Same kuwaona wazazi, ndiyo maana Jumapili ya nne nitasimama kaunta mimi mwenyewe. Fidia itatoka kwenye zamu ambayo sote tunajua haina mpenzi: kufunga duka saa 2 usiku. Kila jioni ya kazi inahitaji watu wawili wa kufunga, jumla ni zamu kumi kwa wiki. Bw. Yohana amekubali kuchukua Jumatatu hadi Alhamisi zote, yaani zamu nne, na wenzake wanne watagawana sita zilizobaki, zikiwemo mbili za Ijumaa. Ijumaa yeye ataondoka saa 11 jioni. Siku ya kawaida, anayefunga duka ataingia kesho yake saa 4 asubuhi na si saa 2, na mwenye zamu ya saa 2 asubuhi Jumamosi au sikukuu hatafunga usiku uliotangulia, kwa kuwa kuhesabu fedha huvuka saa 2 usiku, na sheria inataka kati ya siku moja ya kazi na nyingine zipite saa 12 za mapumziko.

Sasa sikukuu. Katika kipindi hiki zipo sita, na moja kati yake, yaani 26 Desemba, imeangukia Jumamosi, hivyo itafanywa na kikundi cha Jumamosi hiyo. Tano zilizobaki zinahitaji zamu kumi, mbili kwa kila mtu:

Jumatano, 14 Oktoba, Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere: Bakari na Neema.
Jumatano, 9 Desemba, Siku ya Uhuru: Zuhura na Yohana.
Ijumaa, 25 Desemba, Krismasi: Mwanaidi na Zuhura.
Ijumaa, 1 Januari, Mwaka Mpya: Bakari na Yohana.
Jumanne, 12 Januari, Mapinduzi ya Zanzibar: Mwanaidi na Neema.

Bi. Neema na Bi. Mwanaidi wamebadilishana mwisho mmoja wa wiki kwa hiari yao, nami nimekubali kwa mara hii, ingawa tarehe hizo mbili ziko katika mizunguko tofauti. Bi. Mwanaidi atafanya Jumamosi ya 26 Desemba ili Bi. Neema akae kwao Lushoto siku tatu za Krismasi, na Bi. Neema atafanya Jumamosi ya 12 Desemba badala ya Bi. Mwanaidi. Jedwali hapo juu lisomwe pamoja na mabadiliko haya. Kila mmoja bado anabaki na miisho minne ya wiki iliyo huru.

Bi. Mwanaidi na Bi. Zuhura wanabeba Krismasi, na jambo hilo halitasahaulika. Ratiba itakayofuata, kuanzia 18 Januari, itakuwa na Idd el-Fitri, inayotarajiwa Machi 2027. Siku zote mbili za Idd zitafanywa na Bi. Neema na Bw. Yohana, ambao pia ndio hawamo kwenye kikundi cha 26 Desemba. Kwa kuwa mwezi huandama usiku na sisi hupata habari tukiwa tumeshafunga, wawili hao watawekwa kwenye tarehe zote zinazowezekana, na asiyehitajika atajulishwa usiku huo huo.

Kuhusu malipo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaagiza kwamba saa inayofanywa siku ya sikukuu ilipwe mara mbili ya mshahara wa msingi wa saa. Saa moja hupatikana kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 195, yaani wiki 4.333 za saa 45. Kwa hiyo mwenye mshahara wa Sh 390,000 ana Sh 2,000 kwa saa. Akifanya saa 5 za tarehe 9 Desemba, atapata Sh 20,000, na duka litaziongeza juu ya mshahara wake wa mwezi bila kukata chochote. Hizi ndizo sikukuu ambazo baadhi yenu huzikimbia na wengine huzitafuta, na ndiyo sababu nimezigawa mbili mbili badala ya kuuliza nani anataka: anayehitaji fedha asizichukue zote, na anayehitaji kupumzika asisukumiwe zote. Jumapili ya zamu hailipwi mara mbili, maana mapumziko yake yamehamishiwa siku nyingine. Anayeitwa kazini siku yake ya mapumziko, iwe ni siku gani, atalipwa mara mbili kwa kila saa.

Mtu akiumwa au akifiwa, anipigie mimi na si mwenzake. Nitaingia mwenyewe nikiwa Tanga. Nisipokuwepo, nitampigia mtu aliyeitwa mara chache zaidi tangu 3 Oktoba, kwa mujibu wa ukurasa mpya utakaobandikwa ndani ya kabati la mizani, ambapo kila anayeitwa ataandika tarehe na saini. Bi. Zuhura ataanza akiwa wa mwisho katika orodha hiyo. Kubadilishana zamu kunaruhusiwa kati ya watu wawili waliokubaliana, kwa kuandika kwenye daftari la kaunta siku tatu kabla, na zamu irudishwe ndani ya wiki nne hizo hizo. Deni la zamu likivuka mzunguko huzua ugomvi, na tumeshaliona. Zamu haiuzwi. Likizo ya mwaka haitatolewa kati ya 14 Desemba na 3 Januari kwa mtu yeyote, nami nikiwemo.

Mwenye pingamizi aniletee kabla ya Jumatatu, 21 Septemba, kwa mdomo au kwa maandishi, akionyesha zamu anayoona imekaa vibaya. Nakala ya mwisho itabandikwa Ijumaa, 25 Septemba, na zamu ya kwanza itaanza Jumamosi, 3 Oktoba 2026, saa 2 asubuhi, kwa Bw. Bakari, Bi. Neema na Bi. Zuhura.

Mmiliki wa duka
Ngamiani, Tanga