Kaka, si lazima ujibu hii

Kaka,

Nimeamua kukuandikia maana simu najua hupokei, na wala sikulaumu, ningekuwa mimi ningeizima kabisa. Kwenye simu mtu inabidi aseme niko poa hata kama hayuko poa. Hii unaisoma ukijisikia, ukichoka iache hapo mezani, kesho utaikuta.

Nikwambie mapema usije ukasoma huku unausubiri: humu hamna ushauri. Sina. Sijawahi kumzika mke, nitakufundisha nini mimi? Nilisikia walivyokujaza maneno siku zile, jikaze wewe mwanaume, kazi ya Mungu haina makosa, muda utaponya, na yule jamaa (unamjua) aliyesema bado kijana utaoa tu, udongo wa kaburi hata haujakauka. Nilimwangalia nikanyamaza kwa sababu haikuwa siku ya ugomvi. Wengi walikuwa na nia nzuri, ila kimya kinawatisha watu ndo maana wanakijaza na chochote kile. Mimi kimya chako hakinitishi. Miaka yote hii si tunakaa tunaangalia timu yetu inapigwa, dakika tisini hamna anayefungua mdomo na hamna aliyemkasirikia mwenzake.

Basi Alhamisi nikitoka kazini nakuja kwako. Siji kukukagua hali, siji kukutoa out eti uchangamke, nakuja kukaa. Ukitaka kulia lia, mbele yangu hakuna cha uanaume, ukitaka tivii iwake tusisemeshane nayo sawa, ukiwa umelala nitakaa na watoto niwasimamie homuweki, isipokuwa hesabu, hesabu za siku hizi zimenishinda. Usisafishe nyumba kwa ajili yangu. Na Alhamisi inayofuata nakuja tena, na ile nyingine, maana nimeshaona inavyokuwaga, mwanzoni nyumba haina hata pa kukaa halafu taratibu kila mtu anarudi kwenye mambo yake na aliyefiwa anabaki na viti vitupu. Siku hutaki mtu nitumie "leo hapana", inatosha, sitauliza kwa nini na sitanuna, wiki ijayo nipo.

Kuhusu shem sasa. Naona watu wakiwa na wewe wanalikwepa jina lake, wanaogopa watakukumbusha. Watakukumbusha nini, kwani umesahau? Mimi nitamtaja. Kama siku hiyo hutaki inua mkono tu naacha. Ila nina stori zake ambazo naamini huzijui, mfano vile viatu vyeusi alivyokusapraizi navyo, alinipigia mimi kuuliza saizi ya mguu wako akaniapisha nisiseme, halafu wewe ukaja kunitambia eti mkeo anakujua mpaka saizi bila kuuliza mtu. Nikameza. Alipokuja kujua ulivyonitambia alicheka mpaka akakaa chini. Zipo nyingine, nitakupa kidogo kidogo.

Halafu yale makaratasi. Cheti cha kifo, benki, laini yake ya simu, ofisini kwake, kila dirisha unaeleza upya kwamba amefariki, na kila dirisha wanataka kopi nyingine. Taratibu zake sizijui na sijifanyi kuzijua, lakini kukaa foleni naweza. Niambie tu siku, nitaomba ruhusa kazini, nitabeba faili, na ukifika dirishani lile neno likakukwama nitalisema mimi.

Na nguo zake. Sisemi uzitoe wala uziache, hilo ni lako na sio la ndugu wala jirani. Ila siku ukiamua kulifungua lile kabati na hutaki uwe peke yako, niite, nitasimama hata mlangoni, sitagusa kitu mpaka uniambie gusa.

Usiku simu yangu haizimwi. Mke wangu anajua, tena yeye ndo kasema niwe nalala nayo karibu. Ukipiga saa tisa usiku usianze na samahani kwa kukuamsha, anza popote pale, au usiseme chochote, namba yako naijua.

Sitakuambia "ukihitaji chochote niambie", maana hapo nakuwa nimekupa kazi nyingine ya kufikiria unahitaji nini na kisha ujishushe kuomba, na wewe kuomba hujui, tangu zamani. Nitafanya ninachokiona. Kwa mfano juzi nimeona baiskeli ya mwanao mdogo cheni imekatika, ipo imeegemezwa ukutani. Mwambie Alhamisi anko anakuja na spana na cheni mpya, yeye atafute kitambaa cha kufutia grisi.

Ni mimi, yule yule.