Faida Imepanda, Fedha Benki Zimepungua: Mswada wa Video ya Matokeo ya Mwaka kwa Wafanyakazi

Muda: dakika 9 hivi. Msemaji mkuu: Mkurugenzi wa Fedha. Wengine: Msimamizi wa Ghala na Fundi wa Mashine. Itaonyeshwa kwa zamu zote tatu. Maneno yote yanayosemwa yaandikwe pia chini ya picha, maana kiwandani kuna kelele.

ONYESHO LA 1

PICHA: Mkurugenzi wa Fedha amesimama kati ya mashine ya kuchapa na meza ya kukunjia katoni. Mashine imezimwa.

MKURUGENZI WA FEDHA: Habari za kazi, wenzangu. Hesabu za mwaka ulioishia Desemba zimekamilika, na wakaguzi wa nje wamezipitia na kutupa hati safi. Hati safi maana yake ni kwamba hesabu zetu zinaonyesha hali ya kampuni kwa haki. Haimaanishi kwamba tuna fedha nyingi. Nalisema hili mapema kwa sababu nimesikia watu wakipongezana kwenye korido, na leo nina habari mbili ambazo lazima zisikike pamoja.

MAANDISHI KWENYE SKRINI: Faida: kutoka bilioni 1.6 hadi bilioni 2.1. Fedha benki: kutoka bilioni 3.2 hadi bilioni 0.8.

MKURUGENZI WA FEDHA: Faida yetu baada ya kodi imepanda, ni shilingi bilioni 2 na milioni 100. Lakini fedha zilizokuwa benki siku ya mwisho ya mwaka zilikuwa milioni 800 tu. Mwaka mmoja nyuma zilikuwa bilioni 3 na milioni 200. Mtu yeyote mwenye akili atauliza: kama tumepata faida, iko wapi? Swali hilo ni halali kabisa, na nimeomba dakika hizi nilijibu mwenyewe.

ONYESHO LA 2

PICHA: Lori linapakiwa katoni. Tarakimu zinatokea moja baada ya nyingine.

MKURUGENZI WA FEDHA: Tuanze na mauzo. Mwaka jana tuliuza bidhaa za bilioni 48. Mwaka wa kabla yake, bilioni 42. Ongezeko ni bilioni 6. Katika hizo, bilioni 4 zimetokana na kupandisha bei, na bilioni 2 ndizo zimetokana na kuuza katoni nyingi zaidi. Kwa hiyo ukiwa kwenye mashine na unaona kazi haikuongezeka sana kama ripoti inavyoonyesha, uko sahihi. Tulipandisha bei kwa sababu karatasi ilipanda.

PICHA: Mchoro wa shilingi 100, unakatwa vipande kadiri anavyotaja.

MKURUGENZI WA FEDHA: Sasa chukua kila shilingi 100 tuliyouza. Takriban 56 zilikwenda kwenye malighafi: karatasi, gundi, wino. 17 ni mishahara na stahili zetu sisi sote, kuanzia mlinzi wa geti hadi mimi. 10 ni umeme, mafuta na usafirishaji. Karibu 6 ni matengenezo, bima, kodi ya jengo na mengine madogo madogo. 3 ni uchakavu wa mashine, nitaueleza. 2 ni riba ya benki, na karibu 2 nyingine ni kodi ya serikali. Kinachobaki ni 4 na senti kadhaa. Hiyo ndiyo faida.

Shilingi 4 katika 100. Haihitaji mambo mengi kwenda mrama ili hizo 4 ziishe.

ONYESHO LA 3

PICHA: Fundi wa Mashine, kando ya rundo la karatasi zilizoharibika.

MKURUGENZI WA FEDHA: Fundi, hizi zote ni za zamu moja?

FUNDI WA MASHINE: Ndiyo, Mama. Zile za juu ni za kuanzishia mashine, rangi ilikuwa haijakaa sawa. Hizo haziepukiki. Hizi za chini zimeharibika kwa sababu rola la karatasi lilikaa sehemu yenye unyevu. Karatasi ikishika unyevu inajikunja ikiingia kwenye mashine.

MKURUGENZI WA FEDHA: Kwa mwaka mzima tunatumia bilioni 27 kwa malighafi. Tukipunguza matumizi hayo kwa asilimia 1 tu bila kupunguza katoni tunazotoa, tunaokoa milioni 270. Linganisha na faida yetu ya bilioni 2 na milioni 100. Hakuna mteja mpya anayeweza kutuletea milioni 270 kwa urahisi kama rola lililohifadhiwa mahali pakavu.

ONYESHO LA 4

PICHA: Ofisini. Ubao mweupe. Mkurugenzi anaandika kwa mkono wake. Kamera iko karibu na kalamu.

MKURUGENZI WA FEDHA: Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Faida na fedha ni vitu viwili tofauti. Kwa kanuni za uhasibu, mauzo yetu yanaandikwa pale mteja anapopokea mzigo wake. Hatusubiri alipe. Akipokea katoni tarehe 20 Desemba na akalipa Februari, mauzo ni ya Desemba, na faida yake imo kwenye hesabu za mwaka jana. Fedha hazimo.

Naandika bilioni 2.1, faida yetu. Najumlisha bilioni 1.5 za uchakavu. Kwa nini? Mashine tunainunua mara moja lakini tunaitumia miaka mingi, hivyo gharama yake tunaigawa, kila mwaka tunakata kipande. Kipande hicho kinapunguza faida, lakini mwaka huo hakuna mtu tuliyemlipa. Tunafika bilioni 3.6.

Sasa zinaanza kutoka.

MAANDISHI KWENYE SKRINI, mstari kwa mstari anavyosema:
Faida na uchakavu: 3.6
Wateja hawajalipa: toa 2.4
Malighafi zaidi ghalani: toa 1.3
Mashine mpya, sehemu yetu: toa 1.5
Kulipa mikopo: toa 0.8
Fedha zilizopungua: 2.4

MKURUGENZI WA FEDHA: Bilioni 2.4 ni ongezeko la madeni ya wateja. Mwanzoni mwa mwaka walikuwa wanadaiwa bilioni 6, mwishoni bilioni 8.4. Bilioni 1.3 zimelala ghalani kama marola ya karatasi. Tulinunua mengi tukihofia bei kupanda tena. Uamuzi huo ulikuwa wa menejimenti, na bado naamini ulikuwa na sababu, ila umetubana. Mashine mpya ya kuchapa iligharimu bilioni 4: benki ilitukopesha bilioni 2.5, sisi tukatoa 1.5. Na milioni 800 zilikwenda kupunguza mikopo ya zamani. Zingatieni hili: riba huingia kwenye hesabu ya faida, lakini mkopo wenyewe unapoulipa hauonekani huko kabisa. Ndiyo maana faida inaweza kupendeza huku akaunti ikikauka.

PICHA: Anapigia mstari jibu. Kimya cha sekunde mbili.

MKURUGENZI WA FEDHA: Tulianza na 3.2, zikapungua 2.4, zikabaki 0.8. Hakuna fedha iliyopotea, na hakuna aliyeichukua. Wenye hisa pia hawakuchukua gawio mwaka huu.

Milioni 800 ni nyingi au kidogo? Mishahara na stahili zetu za mwezi mmoja ni kama milioni 670. Siku ile ya Desemba, fedha zilizokuwepo zingetosha mwezi mmoja na siku chache. Kwangu mimi hiyo ni kidogo mno kwa kampuni ya ukubwa huu.

ONYESHO LA 5

PICHA: Mlango wa kupakilia mizigo. Msimamizi wa Ghala ameshika kitabu cha hati za kupokelea mzigo.

MKURUGENZI WA FEDHA: Tumekubaliana na wateja walipe ndani ya siku 45. Mwaka juzi, kwa wastani, walilipa baada ya siku 52. Sasa ni siku 64. Wengine wana shida zao. Lakini sehemu ya ucheleweshaji huu inaanzia hapa hapa kwetu. Kaka, hebu waonyeshe.

MSIMAMIZI WA GHALA: Hii hapa. Mzigo umeandikwa katoni 1,200. Mteja akahesabu 1,180, dereva akakata kwa kalamu, akaandika juu yake. Hakuna saini pembeni ya masahihisho. Ankara yetu imetoka na 1,200. Wakati wa kulipa, watu wao wa hesabu wakaona namba hazifanani, wakairudisha.

MKURUGENZI WA FEDHA: Ilirudishwa siku ya ngapi?

MSIMAMIZI WA GHALA: Siku ya 43, Mama. Tukatoa ankara mpya, na siku 45 zikaanza upya.

MKURUGENZI WA FEDHA: Katoni 20 zimezuia malipo ya katoni 1,180, karibu miezi mitatu. Madereva wetu hawana kosa la kulaumiwa peke yao. Hakuna aliyewahi kuwaeleza kwamba karatasi ile ndiyo inayoleta fedha. Kuanzia tarehe 1 Aprili, namba ikibadilika, dereva na mpokeaji wote wanasaini pembeni yake, na dereva anapiga picha hati na kuituma ofisini kabla ya kuondoka kwa mteja. Nasi ofisini tutatoa ankara siku hiyo hiyo. Tulikuwa tunazikusanya hadi Ijumaa, na hilo limekoma.

ONYESHO LA 6

PICHA: Mkurugenzi ameketi, anatazama kamera moja kwa moja.

MKURUGENZI WA FEDHA: Najua mnachosubiri.

Mishahara: iko salama. Tangu mwaka ufungwe, sehemu ya wateja wameshalipa. Benki pia imetupa nafasi ya kukopa kwa muda mfupi hadi bilioni 1.5, na hadi leo ninaporekodi hatujaigusa. Nisingependa tuiguse, kwa sababu riba yake inatoka kwenye zile shilingi 4.

Kupunguza watu: hakuna mpango huo. Bodi haijaujadili, na mimi sijaupendekeza.

Bonasi: italipwa, ya nusu mshahara wa mwezi kama tulivyoahidi. Ila italipwa mara mbili, nusu kwa mshahara wa Aprili na nusu kwa mshahara wa Septemba. Fungu la Septemba halina masharti. Tumeligawa ili lisiangukie mwezi mmoja na marejesho ya mkopo wa mashine. Ninajua wapo waliokuwa wameshazipangia fedha hizo zote kwa Aprili, na kwao hili ni zito. Mwenye dharura aje ofisini kwangu tuzungumze, au amtume kiongozi wa chama cha wafanyakazi.

Nafasi mpya za ajira zinasubiri hadi Julai, isipokuwa mafundi wawili wa mashine mpya.

Kila mwezi, kuanzia Aprili, mtaona namba tatu kwenye ubao wa matangazo: siku ambazo wateja wanachukua kulipa, thamani ya karatasi iliyoharibika, na fedha zilizopo benki. Lengo letu hadi Desemba ni kushuka kutoka siku 64 hadi 55. Tukifika hapo, kwa mauzo haya haya, zaidi ya bilioni 1 inarudi kwenye akaunti bila kuuza hata katoni moja ya ziada.

MAANDISHI KWENYE SKRINI: Maswali: Alhamisi, bwalo la chakula. Zamu ya asubuhi saa 8:00 mchana, zamu ya mchana saa 7:00 mchana, zamu ya usiku saa 12:30 asubuhi.

MKURUGENZI WA FEDHA: Alhamisi nitakuwa bwaloni kwa zamu zote tatu, na hesabu zilizochapishwa zitakuwa mezani. Usipotaka kuuliza mbele za watu, andika swali lako bila jina na ulitie kwenye sanduku la maoni kabla ya Jumatano jioni. Nitalisoma kama lilivyoandikwa na kulijibu. Asanteni.

PICHA: Skrini inabaki na ratiba ya Alhamisi kwa sekunde 15.