Uji wa hamira kwa boflo 300: vipimo vya zamu ya Ijumaa usiku

Assalaam alaykum vijana wa zamu. Oda ya harusi ni boflo 300, zinachukuliwa Jumamosi saa 3 asubuhi. Karatasi hii ibandikwe juu ya mzani, na isomwe kabla mfuko haujafunguliwa.

Kinyunya cha boflo moja ni gramu 270, kwa hiyo tunahitaji kilo 81. Hesabu inatoka kilo 83 na ushei, hiyo ziada ndiyo inayobaki kwenye mashine na mezani. Mfuko mmoja wa unga wa kilo 50 unatosha kamili: kilo 15 zinaingia kwenye uji usiku, 35 zinabaki za kukandia.

Uji tunauweka kwenye mapipa mawili ya lita 60. Msijaribu kuubana kwenye pipa moja, unapanda karibu mara tatu.

Kila pipa:
Unga wa ngano kilo 7.5
Maji kilo 7.5, yapimwe kwenye mzani, si kwa jagi
Hamira ya chenga gramu 7.5
Chumvi: hakuna. Sukari: hakuna.

Pipa la kwanza saa 2 usiku, la pili saa 2 na dakika 40. Tanuri letu halimezi boflo 300 kwa mkupuo, na kwa joto hili donge la pili litachacha likisubiri zamu yake. Kwa hiyo kila pipa lina donge lake na saa yake.

Gramu 7.5 mzani mkubwa hauzioni. Tumieni ule mdogo wa viungo. Betri ikiwa imekufa, koroga hamira gramu 50 kwenye maji gramu 950, kisha pima gramu 150 za mchanganyiko huo kwa kila pipa. Hapo mna gramu 7.5 sawasawa, na maji ya ndoo yapungue yawe kilo 7.35. Korogeni tena kabla ya kuchota, hamira inatuama chini. Fungu la pipa la pili likae friji mpaka wakati wake. Kukadiria kwa kijiko ni marufuku: gramu 5 zikizidi hapa, saa 8 usiku uji umeshaporomoka na nyote mmelala.

Maji yawe baridi, digrii 20 hivi, changanyeni ya friji na ya bomba. Jikoni usiku ni digrii 28, uji utajipasha wenyewe. Korogeni mpaka unga mkavu usionekane, basi, hatukandi. Funikeni, na muweke alama ya tepu pembeni ulipoanzia.

Saa 10 alfajiri fungueni pipa la kwanza. Uji ulioiva umejaa vitundu vidogo juu, na katikati umeanza kukunjamana na kubonyea kidogo. Harufu yake tamu, yenye uchachu wa mbali. Ukiona umeacha mstari wa unga ukutani mwa pipa na wenyewe uko chini sana, ukinusa ni siki, umepita. Mkate utapauka na kukosa nguvu. Ukiwahi kuiva, hata saa 9, msisubiri saa, kandeni. Ukichelewa, upeni nusu saa nyingine. Mimi naamini jicho kuliko saa ya ukutani.

Kukanda, kwa kila pipa:
Uji wote
Unga kilo 17.5
Maji kilo 6.5 na barafu iliyopondwa kilo 2
Chumvi gramu 500
Hamira gramu 75

Barafu si anasa. Mashine inapasha donge, nasi tunalitaka litoke na digrii 26. Lipumzike saa moja, likatwe gramu 270, liviringwe, liumuke dakika 45 hivi, liingie motoni. Donge la kwanza likiwa tanurini, la pili liwe kwenye trei.

Umeme ukikatika jioni au mtu akichelewa, muda wa uji ukapungua, badilisheni hamira ya uji peke yake. Unga na maji havibadiliki. Kwa saa 5, gramu 20 kila pipa. Kwa saa 3, gramu 40, ila mkate hautakuwa na ile ladha, nami nitamwambia mwenye oda mwenyewe. Chini ya saa 3 acheni uji kabisa: kandeni mfuko mzima moja kwa moja, maji kilo 32, chumvi kilo 1, hamira gramu 500.

Wakiongeza oda ikafika 450, zidisheni kila kitu kwa moja na nusu, na pipa liwe la tatu, saa 3 na dakika 20. Msiongeze ndani ya yale mawili.