Barua ya shukrani kwa kikundi chetu cha ulinzi shirikishi

Igoma, Mwanza
1 Juni 2025

Ndugu zetu walinzi,

Salamu kutoka kila nyumba, kuanzia kwa wapangaji wa kando ya barabara hadi kwa waliojenga juu kwenye mawe. Jana kwenye mkutano wa mtaa tulikubaliana kwamba ile "kazi nzuri, vijana" tunayowarushia njiani haitoshi. Tumeandika barua hii, na nakala yake itabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa ili hata mgeni aisome.

Mlipoanza lindo mwezi Februari, kila kukicha palikuwa na kilio. Leo betri ya bajaji imeng'olewa, kesho mita ya maji haipo, keshokutwa mtu anakuta kamba tupu na sare za shule za watoto zimekwenda. Mabanda ya kuku ndiyo usiseme. Tangu hapo hatujasema wizi umekwisha, lakini tunalala. Bajaji zinalala nje na asubuhi zinawaka.

Mmelinda masika yote. Mvua ya Mwanza tunaijua, ikishuka mlimani njia zinageuka mito, na umeme ukikatika huoni hata kiganja chako. Sisi tukajifunika shuka, ninyi mkapita saa tano usiku, mkapita tena saa nane, na filimbi zenu tukazisikia hadi saa kumi na moja alfajiri. (Akina mama wenye watoto wachanga wanaomba filimbi ya saa nane ipulizwe mbali kidogo na madirisha. Wametuagiza tuseme, nasi tumesema.)

Mama lishe, na akina mama wanaowahi dagaa Mwaloni, wanataka wasemewe peke yao. Zamani walikuwa wanasubiriana kwenye kona wakiwa na pesa za mtaji zimefungwa kwenye khanga, roho juu. Sasa mnawasindikiza mpaka barabarani na kusimama nao hadi daladala ije. Hakuna aliyewatuma kufanya hivyo. Kazi mliyopewa ilikuwa kuzunguka mtaa tu.

Lakini usiku tunaotaka uandikwe ni ule wa mwezi Aprili, alipokamatwa kijana na televisheni ya watu begani. Tuseme ukweli wetu: wengi tulitoka na fimbo, wengine na mawe, na tayari palikuwa na sauti inayoulizia petroli. Mkamzunguka. Mkatugeuzia migongo yeye akiwa katikati, na mmoja wenu alipigwa jiwe la bega lililorushwa na mtu wa mtaa huu huu. Kiongozi wenu alisema neno moja tu, "Huyu anakwenda polisi," akalirudia mpaka tukachoka. Mkampeleka kituoni kwa miguu, na televisheni, na mwenye televisheni akiwa shahidi.

Wapo walionung'unika usiku ule kwamba mnalea wezi. Kesho yake mama wa yule kijana alikuja mtaani, akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Tulipomwangalia usoni, manung'uniko yakakoma. Mngetuachia, watoto wetu waliokuwa wamesimama milangoni wangeona jambo ambalo hakuna mzazi angeweza kuwaeleza. Kwa hilo tunawashukuru kuliko kwa mali yote mliyookoa.

Wazee wetu waliokulia Shinyanga wanakumbuka sungusungu wa miaka ya 1980, waliosimama dhidi ya wezi wa ng'ombe, na wanakumbuka pia jinsi mkono wao ulivyokuwa mzito. Mzee mmoja mkutanoni alisema ninyi mmechukua ujasiri wao na kuacha viboko. Akapigiwa makofi.

Sasa upande wetu. Mchango wa ulinzi ni shilingi 2,000 kwa nyumba kwa mwezi, na tunajua si wote wanaotoa. Wapangaji wanasema ni wa mwenye nyumba, mwenye nyumba anasema ni wa wapangaji. Mkutano umeamua kwamba kila mlango unaolala watu utatoa, na mabalozi watakusanya kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi. Mlinzi aliyeumia bega amelipiwa gharama zake za matibabu kutoka mfuko huo huo.

Pamoja na barua hii pokeeni makoti ya mvua, mabuti na tochi za kuchaji, za kutosha zamu zote mbili. Mwenye duka la kona ameongeza filimbi mpya, sijui amesahau ombi la akina mama. Kuanzia leo kutakuwa na chupa ya chai ya tangawizi na maandazi kila saa nane usiku, nyumba zikipokezana. Ratiba anayo katibu wa mtaa. Zamu ya kwanza ni ya nyumba zilizo nyuma ya msikiti. Gongeni geti la bluu, msiogope mbwa, amefungwa.

Ni sisi,
Wakazi wa mtaa wenu