Fundi aliyetoka Ukerewe na eosinofili 4,410: kisa cha kufanyia kazi maabara na wodini

Mgonjwa ni fundi ujenzi wa miaka 27, kilo 60, mzaliwa na mkazi wa Njombe. Alikwenda kisiwa cha Ukerewe kujenga nyumba kwa wiki 3, akarudi wiki 5 zilizopita. Siku 10 sasa ana homa za jioni, kikohozi kikavu, tumbo linauma chini ya mbavu za kulia na choo ni chepesi. Kabla ya homa alitokwa na vipele vya kuwasha vilivyovimba, vikapotea vyenyewe. Alikunywa dawa ya malaria kutoka duka la dawa bila kupimwa, hakupata nafuu. Kituoni kipimo cha haraka cha malaria na slaidi vyote havikuonyesha vimelea.

Picha ya damu: seli nyeupe 12,600 kwa mikrolita, nyutrofili asilimia 41, limfosaiti 20, monosaiti 4, eosinofili 35. Himoglobini 11.4, na chembe nyekundu ni ndogo, MCV 76. Choo cha kwanza: vifuko vichache vya giadia kwenye slaidi ya maji ya chumvi, na mayai 7 ya minyoo ya safura kwenye slaidi moja ya Kato-Katz.

Hapa wengi humwandikia dawa ya giadia na albendazoli, wakamruhusu. Tusikimbilie huko.

Asilimia peke yake haisemi kitu. Tafuta idadi kamili: 12,600 × 35 ÷ 100 = 4,410 kwa mikrolita. Kawaida haivuki 500; kati ya 1,500 na 5,000 ni eosinofilia ya wastani, na juu ya hapo ni kali. Mtu mwenye asilimia 12 ya seli 4,000 ana 480 tu, na hana eosinofilia hata mashine ikichapa alama nyekundu.

Giadia inatoka kwenye orodha ya watuhumiwa mara moja. Eosinofili huitikia minyoo inayopita kwenye tishu; vimelea vya seli moja vya utumbo, giadia na amiba wakiwemo, kwa kawaida havipandishi (isospora ni ubaguzi unaojulikana). Giadia inaweza kueleza choo chepesi. Haiwezi kueleza 4,410.

Safura inahitaji fikra zaidi. Mayai 7 mara 24, kwa kuwa kiolezo cha Kato-Katz hubeba miligramu 41.7, ni mayai 168 kwa gramu. Hadi 1,999 huhesabiwa maambukizi hafifu, na mzigo huo mdogo hautoshi kueleza himoglobini ya 11.4, tafuta sababu nyingine ya upungufu wa damu, kuanzia mlo. Safura mpya inaweza kupandisha eosinofili sana wiki ya 5 hadi 9, lakini haileti homa ya siku 10, vipele na maumivu ya ini kwa pamoja. Ibaki kama mshiriki, isiwe jibu.

Sasa rudi kwa mgonjwa na maswali ambayo fomu ya maabara haina. Alioga wapi? Ziwani, kila jioni, na maji ya kuchanganyia saruji aliyachota ziwani akiwa ameingia hadi magotini. Amewahi kuishi kando ya ziwa au skimu ya mpunga? Hapana. Nyama ya nguruwe? Anakula, lakini misuli haimuumi na kope hazijavimba, kwa hiyo trikinela inashuka chini. Mbwa wa nyumbani? Hakuna. Amekaa Kongo? Hapana, swali hili tutalihitaji kwenye dawa.

Mgeni wa maji ya ziwa, homa, vipele, kikohozi, ini linalouma na eosinofili maelfu, wiki 5 hadi 8 baada ya kuingia majini: hicho ni kichocho cha tumbo katika hatua ya mwanzo, homa ya Katayama. Wenyeji wa Ukerewe huipata kwa nadra kwa sababu wamezoeana na kimelea tangu utotoni. Lakini choo hakikuwa na mayai ya kichocho! Hapa ndipo kalenda inaposhinda hadubini. Mayai ya kichocho cha tumbo huanza kuonekana kama wiki 5 hadi 7 baada ya maambukizi, wakati mwingine baadaye, na homa inaweza kutangulia. Slaidi moja tupu katika wiki hizi haina uzito wowote. Kwa hesabu hiyohiyo, askaris aliyopata Ukerewe isingekuwa na mayai bado, maana huchukua miezi 2 hadi 3. Na kikohozi cha lava zake kingekuja wiki 1 au 2 baada ya kumeza mayai, si sasa.

Choo kilirudiwa siku 3 tofauti, slaidi 2 kila siku. Slaidi ya Kato-Katz isomwe ndani ya dakika 30 hadi 60, la sivyo mayai ya safura huyeyuka machoni kwako huku ya kichocho yakibaki. Slaidi ya sita ilitoa yai moja kubwa lenye mwiba ubavuni. Yai moja linatosha.

Sampuli ya siku ya pili ililetwa ikiwa imekaa zaidi ya saa 24, na ndani yake lava zilikuwa zinacheza. Mtego ni huu: kwenye choo kilichochelewa mayai ya safura huanguliwa, na mtu huandika "lava za safura" bila kutazama. Tazama kwa lenzi ya 40. Lava ya safura ina mdomo mrefu, na kiini chake cha uzazi ni vigumu kukiona. Hii ilikuwa na mdomo mfupi sana na kiini kikubwa katikati ya mwili: strongiloidi. Choo kipya kikathibitisha kwa njia ya Baermann: gramu 10 kwenye shashi juu ya faneli, maji ya nyuzi 37 hadi 40, acha saa 2 au zaidi, kisha zungusha maji ya chini kwenye sentrifuji na usome mashapo. Choo kisiwekwe kwenye friji, lava huzubaa. Vaa glavu, hupenya ngozi. Kato-Katz haifai kwa mdudu huyu.

Ugunduzi huo wa pili ndio ulioamua matibabu. Homa kali ya Katayama mara nyingi hutulizwa kwa prednisoloni. Prednisoloni kwa mtu mwenye strongiloidi isiyotibiwa inaweza kuachia lava mwili mzima, na hapo eosinofili zinaweza kushuka hadi kawaida huku mgonjwa akifa kwa bakteria wa utumbo walioingia kwenye damu.

Kwa hiyo ivermektini ilitangulia: mikrogramu 200 kwa kilo, yaani vidonge 4 vya miligramu 3, siku 2 mfululizo. Angekuwa ameishi kwenye misitu ya Kongo, angepimwa kwanza damu ya mchana kutafuta loa loa. Albendazoli miligramu 400 mara moja, tinidazoli gramu 2 mara moja. Prazikwanteli miligramu 40 kwa kilo, vidonge 4 vya 600, ilisubiri homa itulie, na itarudiwa baada ya wiki 6 hadi 8 kwa kuwa haiui vichocho vichanga.

Eosinofili zikipanda wiki ya kwanza baada ya dawa, usiandike kwamba dawa imeshindwa. Minyoo inayokufa huzipandisha. Damu irudiwe mwezi wa 3, pamoja na choo kwa Baermann. Zikibaki juu ya 1,500 wakati choo ni safi, anza upya na toksokara, ambayo haionekani kamwe kwenye choo cha binadamu, kisha orodha ya dawa anazotumia, kisha magonjwa ya damu yenyewe.