"Sista, mimi sina maziwa": kwa mama anayenyonyesha, na kwa wote anaoishi nao

Nina miaka 17 katika ukunga. Sentensi niliyoisikia mara nyingi kuliko zote ni hii: "Sista, mimi sina maziwa." Mara nyingi huja usiku, saa nane au saa tisa, na mama huisema kwa sauti ndogo kana kwamba anakiri kosa. Mtoto analia, taa za wodi zimepunguzwa, na pembeni ya kitanda kuna mtu anayempenda sana akisema, "Huyu mtoto ana njaa. Tafuteni cha kumpa."

Tarehe 1 hadi 7 Agosti kila mwaka ni Wiki ya Unyonyeshaji Duniani. Ilianza kuadhimishwa mwaka 1992, kwa kukumbuka Azimio la Innocenti la Agosti 1990 kule Florence, Italia, lililozungumzia kulinda, kuendeleza na kusaidia unyonyeshaji. Kulinda na kuendeleza nawaachia wenye sera. Mimi leo nataka kuzungumza juu ya kusaidia, kwa sababu huyo mama wa saa nane usiku, mara nyingi sana, maziwa anayo. Anachokosa ni mtu wa kumwambia hivyo na kukaa naye.

Nikiitwa, kwanza naketi. Namwomba mama ruhusa, namwonyesha jinsi ya kukamua kwa mkono, na tone linatoka: zito, la manjano. Hiyo ndiyo dang'a. Ni kidogo kwa sababu tumbo la mtoto mchanga nalo ni dogo. Siku ya kwanza, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa kila mnyonyo kinaweza kumtosha. Lakini ndani ya kijiko hicho kuna kinga nyingi dhidi ya maradhi. Tafadhali msiikamue na kuimwaga kwa kuwa rangi yake si nyeupe. Mtoto akizaliwa salama, awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na aanze kunyonya ndani ya saa 1 ya kwanza. Maziwa mengi huja baadaye, kati ya siku ya 2 na ya 5. Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, au aliyepitia uchungu mrefu, yanaweza kuchelewa kidogo. Kuchelewa si kukosa.

Sasa nieleze jambo ambalo natamani kila nyumba ingelijua kabla mtoto hajazaliwa. Titi halifanyi kazi kama mtungi unaojazwa kisha ukaisha. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni mbili: prolaktini, inayotengeneza maziwa, na oksitosini, inayoyasukuma yatoke. Kadiri titi linavyonyonywa na kupungua maziwa, ndivyo linavyotengeneza mengine. Fikiria basi kinachotokea chupa ikiingia usiku wa pili bila sababu ya kitabibu. Mtoto anashiba, analala muda mrefu, titi halinyonywi. Mwili unapokea habari kwamba maziwa hayahitajiki sana. Siku ya tatu yanapungua kweli, na aliyesema "huna maziwa" anaonekana alijua. Chupa ya pili inafuata, kisha ya tatu. Nimeona hili likitokea kwa familia zenye upendo mkubwa.

Na niseme ukweli: miaka yangu ya mwanzo kazini nami niliwahi kuwaambia akina mama wanyonyeshe kwa saa, kila baada ya saa tatu, na wamtoe mtoto titini baada ya dakika kumi. Nilifundishwa hivyo na nilikosea. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na hazipangiki sawasawa. Jioni anaweza kutaka titi kila nusu saa. Kuna siku, hasa wiki ya 2 au ya 3, tena karibu na wiki ya 6, ambapo atanyonya kama hajawahi kushiba. Anaagiza maziwa ya kesho. Mpe titi, siku mbili tatu zipite.

Utajuaje kwamba anapata ya kutosha? Usipime kwa kilio, kwa maana watoto hulia kwa mambo mengi, wala usipime kwa ulaini wa matiti, kwa sababu baada ya wiki kadhaa matiti hulainika na maziwa yakawa bado yapo. Tazama nepi. Kinyesi cheusi cha kunata cha siku za kwanza kiwe kimegeuka manjano kufikia siku ya 4 au ya 5. Kuanzia siku ya 5 hivi akojoe mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo wa rangi hafifu. Kisha mizani: watoto wengi hupungua uzito kidogo siku za mwanzo, hata asilimia 7, na wengi huwa wamerudi kwenye uzito wa kuzaliwa ifikapo wiki ya 2. Akipungua kupita asilimia 10, au asiporudisha uzito, hapo tunahitaji kuonana haraka ili tumwangalie anavyonyonya na tuone kama anahitaji nyongeza.

Maumivu nayo yana habari yake. Akina mama wengi wameambiwa wavumilie, eti chuchu lazima zipasuke kwanza ndipo zizoee. Hapana. Maumivu madogo siku za mwanzo ni kawaida, lakini chuchu inayopasuka na kutoa damu mara nyingi inasema mtoto hajalishika titi vizuri. Mlaze mtoto tumbo lake likutazame, kichwa na mwili vikiwa kwenye mstari mmoja, pua yake mbele ya chuchu. Gusa mdomo wake wa juu kwa chuchu, usubiri aachame sana, kama anayepiga miayo, ndipo umvute kwako kwa haraka. Mlete mtoto kwenye titi, usiinamishe mgongo kumpelekea titi. Akishika vizuri, kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umepinduka nje, na sehemu kubwa ya ile rangi nyeusi inayozunguka chuchu imeingia kinywani, hasa upande wa chini. Utasikia anameza. Ikiuma bado, ingiza kidole safi pembeni ya mdomo wake umwachishe taratibu, mwanze upya. Hata mara tano. Na ikikataa kabisa, njoo na mtoto tutazame pamoja. Wakati mwingine tatizo liko chini ya ulimi wake, au ni namna tu ya kupakata ambayo mtu wa pembeni huiona upesi.

Maji je? Kwa miezi 6 ya kwanza, maziwa ya mama peke yake, hata wakati wa joto. Karibu asilimia 88 ya maziwa hayo ni maji. Dawa, matone ya vitamini au maji ya chumvichumvi ya kutibu kuharisha hutolewa pale mhudumu wa afya anapoagiza. Baada ya miezi 6 anza chakula cha nyongeza huku ukiendelea kunyonyesha hadi miaka 2 au zaidi, kadiri wewe na mwanao mnavyotaka.

Baba, sasa nakugeukia wewe. Huwezi kunyonyesha, lakini kila kinachozunguka kunyonyesha unakiweza. Mletee maji ya kunywa kabla hajaomba. Kiu humshika mara tu mtoto anapoanza kunyonya. Mbadilishe mtoto nepi, mcheulishe, umlaze. Mwondolee kazi za nyumba bila kusubiri kuelekezwa. Wageni wakikaa sana, wewe ndiye uwaage. Na mtu akisema mbele yake kwamba maziwa hayatoshi, jibu wewe: "Mkunga amempima, anaendelea vizuri." Nimemwona mama akipumua upya kwa sentensi hiyo moja tu.

Bibi, mama mkwe, shangazi, shikamooni. Nyinyi ndio mnaosikilizwa saa nane usiku kabla yangu, na wengi wenu mmenyonyesha watoto wengi bila kitabu. Mwambieni jinsi nanyi mlivyohangaika wiki ya kwanza. Mpikieni, maana anahitaji kula zaidi ya kawaida yake. Haihitaji chakula maalumu, ale tu ashibe. Msimlinganishe na wifi yake.

Anayerudi kazini anaweza kukamua. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa hadi saa 4 penye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku 4 ndani ya jokofu. Penye joto kali zaidi yatumike mapema. Yapashe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu, kamwe si kwa maikrowevu. Waajiri nao wajue kwamba Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataja mapumziko ya kila siku ya kunyonyesha kuwa haki ya mfanyakazi.

Wapo akina mama ambao maziwa yao kweli hayatoshi, kwa sababu ya upasuaji wa matiti, matatizo ya homoni au damu nyingi iliyopotea wakati wa kujifungua. Wapo wanaotumia dawa zisizoruhusu kunyonyesha, japo dawa nyingi zinaruhusu, kwa hiyo uliza kabla ya kuacha. Wapo wanaoishi na VVU: ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mama anayetumia ARV vizuri anaweza kunyonyesha, ila miongozo hutofautiana kati ya nchi na nchi, hivyo zungumza na kliniki yako. Na wapo waliojaribu hadi wakachoka, wakaamua. Mama unayelisha kwa chupa, wiki hii ni yako pia. Mpakate mwanao ngozi kwa ngozi, mtazame machoni anapokunywa. Mimi ni mkunga wako vilevile.

Usingoje kesho ukiona haya: mtoto haamki kunyonya, hakojoi, ana manjano yaliyoanza ndani ya saa 24 za kwanza au yanayoongezeka, ana joto la nyuzi 38 au zaidi, au utosi umebonyea. Kwa mama: titi jekundu lenye maumivu pamoja na homa. Endelea kunyonyesha titi hilo, lakini tafuta matibabu siku hiyo hiyo. Na huzuni. Machozi ya wiki ya kwanza huwapata wengi na hupita. Yakizidi wiki mbili, au ukianza kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu usiku huo huo na uende hospitali. Unaumwa, na ugonjwa huo unatibika.

Yule mama wa saa nane usiku, nikishamwonyesha tone la manjano, huwa simwambii mengi. Namsaidia kukaa vizuri, naweka mto chini ya mkono wake, na ninamwomba yule aliyeketi pembeni asogee karibu aone mtoto anavyomeza. "Sikiliza," namwambia. Tunanyamaza wote watatu, mpaka tunamsikia akimeza.